Saa ya Kwanza ya Klabu Mpya Kiloleli: Majina Kwanza, Hotuba Baadaye

Klabu nyingi za vijana huanza kwa namna moja. Mabenchi yamepangwa duara, mlezi anakaribisha, kisha anamnyooshea mkono kijana aliyekaa mwanzo kabisa: "Tuanzie kwako. Jina, unapoishi na unachofanya." Zamu inazunguka. Kila anayesimama anaangalia chini, anataja jina kwa sauti inayoishia kifuani, anakaa haraka. Zinapita dakika 20, wote wamejitambulisha, na ukimwuliza yeyote kati yao jina la aliyekaa mkono wake wa kuume, hajui.

Wakubwa husema vijana wa siku hizi hawasikilizi. Si hivyo. Mwaka 1973 mtafiti wa saikolojia aitwaye Malcolm Brenner aliwaketisha watu kuzunguka meza wakasoma maneno kwa zamu, kila mmoja na lake, halafu akawauliza wanayakumbuka yapi. Kila mtu alikumbuka vizuri neno alilosoma mwenyewe. Lakini maneno yaliyosomwa muda mfupi kabla ya zamu yake yalikuwa yamempotea. Akili ilikuwa imeshughulika na zamu inayokuja, hivyo masikio yalikuwa wazi ila hakuna kilichoingia. Sasa mweke hapo binti wa miaka 14 ambaye hajawahi kusimama mbele ya wavulana wakubwa kuliko yeye. Watu sita waliomtangulia amewasikia kama mtu asikiavyo mvua juu ya bati, na wanaomfuata hawasikii pia kwa sababu bado anajiuliza kama amesema vibaya.

Kwa hiyo mzunguko wa kujitambulisha, ambao mlezi huudhani ndio mwanzo wa heshima na utaratibu, unafanya kazi mbili mbaya kwa pamoja: unawatia hofu wenye haya, na haumfundishi mtu jina la mwenzake. Michezo ya kufahamiana ipo ili kugeuza mambo hayo mawili. Inaondoa macho ya watu wote kwa mtu mmoja, na inamlazimisha kila mmoja kutaja jina la mwingine mara nyingi. Mchezo usiofanya hata moja kati ya hayo, hata ukichekesha namna gani, ungoje wiki ya tatu.

Kiloleli, mkoani Simiyu, jambo hili lina sura yake. Vijana wa miaka 13 hadi 19 wanaoweza kuitikia mwito wa klabu hawatoki katika maisha ya aina moja, ingawa wote watasema ni wa hapahapa. Yupo anayesoma sekondari. Yupo aliyemaliza darasa la saba akabaki nyumbani, na yupo anayeshinda porini na ng'ombe wa baba yake. Mwingine anamsaidia mama yake gengeni, na mwingine ameletwa mwaka huu kuishi kwa shangazi na bado hajui njia za kijijini. Wa sekondari wanajuana tayari, watakaa benchi moja na kucheka mambo yao. Wasipotenganishwa mapema na kwa upole, wale wengine watarudi nyumbani wakiamini klabu ni ya watu wa shule.

Majina yenyewe yanataka uangalifu. Katika familia za Kisukuma pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na anayezaliwa baada yao ni Shija. Wanaozaliwa wakati wa mvua huitwa Mabula au Kabula. Si ajabu basi kukuta Doto wawili na Kabula watatu kwenye duara moja. Tena wapo wanaoitwa jina la ubatizo shuleni na jina la bibi nyumbani. Mlezi mwenye busara humwuliza kila mmoja pembeni anapofika: "Hapa kwetu ungependa tukuiteje?" Doto wawili wakubaliane wenyewe watatofautishwa vipi. Wasipofanya hivyo, vijana watawatofautisha kwa urefu, rangi au meno, na jina la namna hiyo likishashika halitoki.

Kikwazo cha kwanza siku ya kwanza ni saa. Tangazo limesema saa tisa alasiri. Saa tisa kamili wamefika watano, saa tisa na nusu kumi na wawili, na wengine wanaonekana saa kumi kwa sababu walitumwa maji kwanza. Mlezi anayesubiri wote watimie anawaacha wale watano wakae kimya wakitazamana kwa saa nzima, na ukimya huo ukishakaa unakuwa mgumu kuvunjwa. Wanaofika mapema wapewe kazi ya mikono, na kazi inayofaa kuliko zote ni kutengeneza mipira itakayotumika baadaye.

Mpira wa soksi unatengenezwa na watu wawili kwa urahisi kuliko mmoja. Soksi kuukuu inashindiliwa matambara mpaka ifike ukubwa wa ngumi mbili, mdomo unakunjwa, kisha mmoja anaushika huku mwingine akiuzungushia nyuzi zilizochomolewa kwenye kiroba. Anayeshika lazima ageuze kila baada ya mizunguko michache ili nyuzi zikatane, la sivyo mpira utakuwa na umbo la kiazi. "Geuza." "Vuta kidogo." "Shikilia hapo hapo." Hayo ndiyo mazungumzo ya kwanza kati ya watu wasiojuana, nayo hayamtaki mtu amtazame mwenzake machoni. Zamani mipira hii ilifungwa kwa mifuko ya plastiki, lakini tangu mifuko ya kubebea ilipopigwa marufuku nchini Juni 2019, tambara na uzi vimerudi kwenye nafasi yake. Mlezi awaunganishe wawili wawili kwa kadiri wanavyoingia mlangoni, asiwaachie wachague. Mipira sita inatosha. Wengine wanaofika wanaongezwa kwenye jozi zilizopo.

Watu wakishafika wengi, zinafuata dakika chache za kuchagua upande. Wote wanasimama katikati ya uwanja. Mlezi anatangaza: anayependa michembe aende upande wa mwembe, anayependa matobolwa aende upande wa darasa. Hapo hakuna aliyesoma zaidi ya mwenzake. Kila aliyekulia Usukumani ana maoni kuhusu viazi vilivyokaushwa vibichi na vile vilivyochemshwa kwanza, na mgeni ambaye hajawahi kuvila atapata watu wa kumweleza bila kuuliza. Wakishafika upande wao, wamwambie aliye karibu kwa nini wamechagua hivyo, nusu dakika tu. Kisha swali jingine: kuamka alfajiri au kulala usiku wa manane, kuchunga au kupalilia, mvua au jua. Maswali manne au matano, basi.

Uchaguzi wa maswali ndipo walezi wengi wanapokosea. "Unasoma shule gani?" linamwumbua asiyesoma. "Baba yako anafanya kazi gani?" linamwumbua yatima. "Ndoto yako ni nini?" linasikika zuri, lakini mbele ya watu usiowajua hujibiwa kwa kauli moja, "kuwa daktari", na hakuna anayemjua mwenzake zaidi kwa hilo. Swali la siku ya kwanza liwe dogo, lisimgharimu mtu kitu, na masikini na mwenye nacho walijibu kwa urahisi uleule.

Baada ya hapo ndipo mchezo wa majina wenyewe. Chukulia klabu ina vijana 24. Wagawe makundi matatu ya watu wanane, kila kundi duara lake, wameketi chini. Wa kwanza anasema: "Mimi ni Limi, asubuhi nilikunywa uji." Wa pili anaanza na wa kwanza: "Huyu ni Limi, alikunywa uji. Mimi ni Mabula, nilipeleka mbuzi." Wa tatu anawataja wawili hao kisha yeye mwenyewe, na mnyororo unaendelea mpaka wa nane, anayetaja saba. Mwisho Limi, aliyeanza kwa mzigo mwepesi, anawataja wote.

Mchezo huu unajulikana duniani kote na wengi huudhani ni wa kupotezea muda. Mwaka 2000 watafiti wawili wa Uingereza, Peter Morris na Catherine Fritz, waliupima kwa wanafunzi. Kundi moja lilitumia mnyororo wa majina, jingine lilitumia ule utaratibu uliozoeleka wa watu wawili wawili kujuana na kutambulishana kwa wenzao. Waliocheza mnyororo walikumbuka majina mengi zaidi, na tofauti hiyo ilikuwa bado ipo miezi kadhaa baadaye. Siri yake ni kwamba jina halishiki kwa kulisikia. Linashika kwa kulitafuta kichwani na kulitoa mdomoni. Katika duara la wanane, jina la Limi linatafutwa na watu saba, kila mara baada ya majina mengine kuingia katikati.

Ila mchezo huu una mpaka, nao ni idadi. Ukiwaweka wote 24 katika duara moja, wa mwisho anatakiwa kutaja majina 23 huku wote wanamtazama, na walio mwishoni wanakaa robo saa wakisubiri zamu. Hapo kasoro aliyoipima Brenner inarudi kwa mlango wa nyuma. Wanane ndiyo kipimo kizuri. Kumi wanavumilika. Zaidi ya hapo, gawa tena. Na kuna sharti moja la kutangazwa kabla ya kuanza: anayesahau haulizwi mara mbili wala hachekwi. Anamwangalia mwenye jina, na mwenye jina analitaja mwenyewe, anayesahau analirudia, wanasonga mbele. Kulirudia hapo hapo ni muhimu, kwani kusahau kisha kupata ni sehemu ya kujifunza.

Duara likimalizika kwa dakika kumi hivi, makundi yavunjwe na kuundwa upya. Hapa kuna hesabu ndogo ambayo mlezi aijue kabla, asije akaonekana anabahatisha. Kundi la kwanza lihesabu moja, mbili, tatu kuanzia moja. Kundi la pili lianzie mbili: mbili, tatu, moja. La tatu lianzie tatu: tatu, moja, mbili. Kisha moja zote zikutane, mbili zote, na tatu zote. Makundi mapya yanatoka na watu wanane kila moja. Makundi yote yakianzia moja, yatatoka na watu tisa, tisa na sita, na wale sita watajiona wameachwa. Katika duara jipya kila kijana anakuta mtu mmoja au wawili anaowajua tayari, na watano au sita wageni. Huyo mmoja anayemjua ndiye ngazi yake. Mnyororo unarudiwa kwa swali jingine, na kufikia hapo kila mmoja ameyasikia majina 12 au 13 kati ya 23.

Sasa wanyanyuke. Ile mipira ya soksi inaingia. Wakiwa bado katika wanane wao, wanasimama duara pana la hatua tano hivi kutoka upande hadi upande, mikono imeinuliwa. Mwenye mpira anataja jina la mtu, anamtazama, kisha anarusha kutoka chini kwenda juu, taratibu. Anayedaka anasema "Asante, Mabula," na kushusha mikono ili ijulikane ameshapata. Mpira unapita kwa wote na kurudi kwa aliyeanza. Unazungushwa tena kwa mpangilio uleule, safari hii haraka zaidi, halafu katikati ya mzunguko mlezi anaongeza mpira wa pili. Ghafla duara zima linapiga kelele za majina, na aliyekuwa ananong'ona dakika 40 zilizopita anaita "Shija! Shija!" kwa sauti ya kusikika barabarani, maana asipoita, mpira utampiga mwenzake kifuani.

Mambo mawili huharibu mchezo wa mpira. La kwanza ni wavulana kurusha kwa nguvu kama wanacheza rede, na dawa yake ni kanuni ya kutokea chini: mkono ukipanda juu ya bega, mpira unarudi kwa mrushaji. La pili halionekani kwa haraka. Vijana huwarushia wanaowajua, na wale wawili watatu wasiojulikana wanabaki na mikono juu mpaka mwisho. Ndiyo maana mikono hiyo inainuliwa: mlezi akitupa jicho mara moja anaona nani hajafikiwa. Na mpira ukianguka, hakuna anayetolewa. Michezo ya kutoa watu ina ubaya wake siku ya kwanza, kwani wanaotolewa mapema ni walewale waliokuja na wasiwasi, nao huenda kukaa pembeni peke yao.

Vivyo hivyo mashindano ya timu. Usukumani hakuna asiyejua utamu wa kushindana: ngoma za Bagika na Bagalu zimewagawa mashabiki wa eneo hili kwa vizazi. Lakini ushindani huwaunganisha walio ndani ya timu na kuwafarakanisha na walio nje yake. Mwaka 1954, katika kambi ya Robbers Cave, Oklahoma, Muzafer Sherif na wenzake waliwagawa wavulana 22 wa miaka 11 na 12 katika makundi mawili na kuwashindanisha kwa zawadi. Siku chache zikatosha kwa kuchomeana bendera na kuvamiana mabwenini. Michezo na milo ya pamoja haikuwapatanisha. Walitulia walipopewa kazi ambazo kundi moja halikuziweza peke yake, kama vile kutafuta kwa nini maji ya kambi yamekatika. Klabu ya wiki ya kwanza bado haina umoja wa kuhimili timu mbili zenye alama. Zikitakiwa, zije baadaye, na wachezaji wachanganywe upya kila siku.

Lipo pia suala la kugusana. Vitabu vya michezo kutoka nje vinapenda fundo la watu, ambapo wote wanashikana mikono katikati kisha wanajinasua bila kuachana. Kwa wavulana na mabinti wasiojuana, uwanjani, huku mama wa mmoja anapita na ndoo, mchezo huo utaifungia klabu milango kwa mabinti kabla haijafikisha mwezi. Si lazima uwepo. Mpira unafanya kazi hiyohiyo.

Kwa kufunga siku, vitendawili vinapita chochote kilichotungwa kwingine. Vijana wakae tena katika wanane. Mmoja anasema "Kitendawili!", wote wanaitika "Tega!", anatega. Wakishindwa anadai mji, wanampa Bariadi, anaukataa, wanampa Mwanza, anaukubali na kufumbua. Tazama kilichotokea: kijana mwenye haya ameshika uwanja mzima kwa dakika moja, lakini hakuhitaji kujieleza. Maneno ya kuanzia ni ya wote, mwitikio ni wa wote, na macho ya watu yako kwenye fumbo. Tena anayejua vitendawili vingi mara nyingi ni yule anayelala nyumba moja na bibi yake, ambaye hakusoma mbali. Siku hiyo wa sekondari ndio wanaompa miji. Katika klabu yenye vijana wa makabila kadhaa, anayetega cha kwao alete na tafsiri yake, na wote watasubiri kwa hamu.

Njia hii ya kuwapa vijana sauti kupitia sanaa wanazozijua ina mizizi nchini. Mwaka 1996 Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari, ambao baadaye ulichukuliwa na shirika la FAWE na kuvuka mipaka ya Tanzania. Walikusudia wasichana waseme wenyewe yanayowakwamisha shuleni, na njia waliyochagua ilikuwa sanaa za maonyesho badala ya dodoso au kikao. Jambo ambalo binti hawezi kulisema akiwa yeye, anaweza kulisema akiwa ndani ya mchezo. Kitendawili ni mlango mdogo wa nyumba hiyohiyo.

Ukijumlisha, mipira, kuchagua upande, minyororo miwili, kurushiana na vitendawili vinachukua kama saa moja na nusu. Muda ukibana, punguza vitendawili na uviweke wiki ijayo, usipunguze mnyororo wa pili. Mlezi naye acheze, ajifunze majina yote, na asiwe mtu wa filimbi pekee. Hotuba ya malengo ya klabu, ratiba na uchaguzi wa viongozi vinaweza kungoja. Kuwachagua viongozi siku ya kwanza ni kumchagua anayejulikana na wa sekondari, basi.

Wiki ya pili ina kazi moja iliyobaki. Thomas Landauer na Robert Bjork walionyesha mwaka 1978 kwamba majina hukaa zaidi yakikumbushwa kwa vipindi vinavyozidi kurefuka: mara tu baada ya kuyapata, halafu baada ya muda, halafu baada ya muda mrefu zaidi. Kwa hiyo klabu ifunguliwe kwa mpira na majina kwa dakika tano, safari hii katika makundi matatu mapya kabisa. Kama wengi wanakwama, hiyo ni kawaida, waulizane na kuendelea. Ishara ya kuangalia ni nyingine: wakati wa mapumziko, nani amesimama na nani? Wakiwa bado wamejipanga kwa shule zao, mlezi arudishe kazi ya jozi, mpira mpya au kusafisha uwanja, na awapange yeye.

Halafu watakuja wageni, maana habari za klabu husafiri. Mgeni asisimamishwe mbele. Awekwe katika duara la watu saba, nao waanze mnyororo, zamu ya mwisho iwe yake. Wakati huo ameshayasikia majina yale, mengi yao zaidi ya mara moja, na hata akiyataja manne tu, wale saba wote wameshajua la kwake.